Jani la Isale kwa Shemeji

Hilaria aliacha kupokea simu mwezi wa nane. Ikilia, aliifunika kwa marundo ya mitumba yake na kuniambia mimi, jirani yake wa meza pale soko la Kiboriloni, nimwangalizie kama yule kijana wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kunyonya, anakuja. Mimi Yuditha nauza ndizi, sina mdomo mfupi, na nilimwambia wazi kwamba deni halifunikwi na sketi. Alicheka kidogo.

Alikuwa mjane, mwenye binti chuoni, Pamela, na madeni matatu. Kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kilimdai laki tano, na kwa laki na elfu tano kila mwezi angemaliza baada ya miezi mitano. Kampuni ya mikopo ilimdai laki nane, miezi minne ya laki mbili na elfu kumi na tano. La tatu ndilo lililomnyima usingizi: laki sita za kausha damu, riba laki na ishirini kila mwezi, na zile laki sita ziko palepale. Akilipa riba anashindwa kula, akila anaogopa kurudi nyumbani.

Ndipo akaja Gidioni, wakala wa kampuni ya kuunganisha madeni, shati jeupe, maneno laini.

"Mama Pamela, tunayaunganisha yote. Unabaki na deni moja, laki na elfu kumi na tisa kwa mwezi basi. Sasa hivi unalipa laki nne na arobaini."

Alitaka vitu viwili tu: karatasi ya kihamba kama dhamana, na sahihi ya mkubwa wa ukoo. Kihamba, kwa asiyejua, ni shamba la mababu lenye migomba, kahawa na makaburi yetu. Mume wa Hilaria amelala pale. Mtu mwenye akili hakiweki rehani, lakini hofu ina akili yake.

Nilimkamata mkono, nikampeleka kwa Salvina, karani wa SACCOS yetu. Salvina aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Miezi thelathini na sita," alisema. "Unachukua milioni moja na laki tisa, unarudisha karibu milioni nne na laki tatu. Na haya mawili yaliyokaribia kwisha utayaburuza miaka mitatu."

"Sasa nifanyeje, dada? Yule kijana anakuja Ijumaa."

"Hilo la kausha damu peke yake ndilo la kuhamisha. Sisi tunatoza asilimia moja na nusu kwa mwezi, kwa salio linalopungua. Laki sita kwa mwaka mmoja, elfu hamsini na tano kwa mwezi. Jumla laki sita na sitini. Mwanzoni utabanwa, maana yale mengine unaendelea nayo. Baada ya miezi mitano unabaki na hili tu. Ila usikope tena pembeni, na ulete wadhamini wawili wenye akiba hapa."

Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alipaswa kuwa shemeji yake Sylvanus, kaka wa marehemu mumewe, mwanachama wa siku nyingi, mkubwa wa ukoo anayeogopwa na wote. Hilaria aliniambia kabisa kwamba ni heri kausha damu kuliko kumweleza Sylvanus aibu yake.

Tulipanda mlimani kwa Sylvanus kesho yake. Njiani alichuma jani la isale kwenye ua wa watu, lile tunalompa mtu tunapomwomba msamaha, akalishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kuna nini?"

Alisema yote bila kupumua, akamnyooshea jani. Akaonyesha na karatasi ya Gidioni, ili mzee ajue ameikataa.

Sylvanus hakulipokea jani. Aliitazama ile karatasi, akaingia ndani, akarudi na nyingine. Juu yake palikuwa na nembo ileile.

"Nilikuwa na madeni mawili," alisema. "Wakayaunganisha. Malipo yakawa madogo, nikaona nina nafasi, nikachukua jingine la dawa za kahawa. Wakaunganisha tena, wakaanza kuhesabu miezi upya. Mwaka wa tano huu. Akiba yangu ya SACCOS niliitoa yote mwezi wa pili."

Hilaria aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Uliweka dhamana gani, shemeji?"

Mzee hakumtazama. Alitazama kule chini kwenye migomba, lilipo kaburi la mdogo wake. Kihamba chao hakijawahi kugawanywa, na sahihi yake kama mkubwa ilitosha kukiweka chote rehani.

"Nimeshindwa kulipa. Jumatatu wanakuja kukipima wakiuze," alisema.

Niliogopa. Sioni aibu kusema niliogopa kuliko Hilaria. Sylvanus alitembea hadi kwenye ua wake mwenyewe, akachuma jani la isale, akarudi akampa mjane wa mdogo wake kwa mikono miwili. Hilaria alilipokea, na bado alikuwa ameshika la kwake.