Bangili Sita za Mama

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni sonara. Mtaani wanamwita Gramu kwa sababu hata ukimwomba chumvi atatafuta mizani. Mimi huchonga maandishi kwenye vito: majina, tarehe, na maneno ya mapenzi ambayo mwaka haujaisha yanarudishwa niyafute. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango wa nondo. Kwa miaka kumi na sita hapakuwahi kupotea hata chembe ya dhahabu ya mteja, na hilo nalisema kwanza nisije nikamwonea.

Mtu huyu anayeshika dhahabu kutwa nzima alianza kucheza na dhahabu isiyokuwepo. Ilikuwa mikataba ya tofauti ya bei, kwenye simu. Hununui hata gramu. Wewe na kampuni mnakubaliana bei ya leo. Ukisema itapanda na ikapanda, wanakulipa tofauti, ikishuka unawalipa wewe.

"Na hiyo dhahabu iko wapi?" nilimuuliza.

"Haipo, shemeji. Ndiyo raha yake. Haina mwizi."

Alianzia kwenye kampuni yenye leseni. Huko mamlaka ya masoko imeweka mipaka: kila dola mia yako ibebe mkataba wa elfu mbili tu. Hasara ikila nusu ya dhamana, yaani fedha ulizoweka, wanaufunga mkataba, na huwezi kupoteza zaidi ya ulichoweka. Juu ya ukurasa waliandika kwamba wateja saba kati ya kumi hupoteza fedha zao. Gramu alisoma akacheka. Kila mmoja hujiona yumo kwenye wale watatu.

"Wananifunga kamba kama mbuzi," alisema, akahamia kampuni ya ng'ambo isiyo na leseni kwetu. Huko kila mia ilibeba elfu ishirini. Mimi nilipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi: bei ikishuka nusu ya asilimia tu, mia yote imekwenda. Nikamwonyesha. Akasema dhahabu itapanda, yeye anaijua.

Jumatatu ilishuka kidogo. Simu ikalia: ongeza dhamana au tunafunga. Akauza chenga zake za dhahabu za kwenye droo. Jumanne ikashuka tena, akauza mkufu wa ndoa wa mkewe, dada akaambiwa uko kwenye kusafishwa. Kufunga mkataba kulikuwa kukubali hasara, kuuacha wazi kulikuwa kuulisha. Alikaa na simu mkononi, hali chakula, hafungi wala haachi.

Jumatano asubuhi nilikuta bangili sita kwenye mizani. Ni za mama yangu, mama mkwe wake. Alizileta zipanuliwe kwa ajili ya harusi ya mjukuu, tena ndani yake nilichonga mwenyewe jina la marehemu baba.

"Dhahabu ni dhahabu," Gramu aliniambia bila kunitazama. "Bei ikirudi tunanunua uzito uleule. Mimi nafua, wewe unachonga. Nani atajua?"

Ningekuwa mwashi au fundi cherehani ningekataa. Lakini mimi na yeye tunaweza kweli kutengeneza bangili zilezile, na hapo ndipo shetani alipotupatia. Nilishika koleo, bangili zikaingia motoni. Niliona herufi za baba zikilainika, kisha zikawa hazipo, na niliona aibu ambayo bado ninayo.

Tonge tukaliuza, fedha zikatumwa. Alhamisi saa nne asubuhi ikatoka habari kwamba riba za benki zitapanda, bei ya dhahabu ikaruka chini kabla kampuni haijawahi kufunga. Jumla ilikuwa imeshuka asilimia mbili. Fedha zote alizoweka ziliisha, na kampuni ikaandika kwamba bado anadaiwa dola mia tatu.

Saa nane mchana bei ilianza kupanda. Ijumaa ilipita pale alipoanzia, ikaendelea. Gramu alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa ile kamba ya mbuzi, hasara ya wiki isingefika nusu ya dhamana. Angekuwa bado ndani, tena na faida. Alinieleza hayo mwenyewe, polepole, macho yakiwa kwenye nondo za mlango.

Mama alifika Jumamosi saa tano asubuhi, kajifunga kanga mpya, ana furaha zake.

"Nasikia dhahabu imepanda," alisema. "Watu wote wanaizungumzia. Hebu nipimie zangu, mwanangu, nijue leo zina thamani gani."

Gramu alifanya kama anavyomfanyia kila mteja. Alipangusa sahani ya mizani kwa kitambaa, akaiwasha, akasubiri ikae sawa. Ikasoma sifuri. Mama aliitazama sahani, akamtazama yeye, kisha akanigeukia mimi.

"Mama," nikasema, "koleo nilishika mimi."