Namba Iliyopakwa Kwenye Tangi

Mume wa dada yangu tulimwita Bwana Desimali, na jina hilo halikumwonea. Ukimuuliza saa alikupa mpaka sekunde, ukajuta kufungua mdomo. Kazi yake ilikuwa mkaguzi wa maji. Majibu ya maabara yalifika kwake kwanza. Aliyasoma, akayageuza kuwa miligramu kwa lita, kisha akabeba kopo la rangi ya buluu akaipaka namba ya floridi ubavuni mwa tangi la mtaa, kila mtu aione. Floridi ni madini ya kwenye mawe ya chini. Kidogo hulinda meno. Yakizidi huyala meno ya mtoto yangali ndani ya fizi, na mwisho wake ni mifupa. Kiwango ni miligramu moja nukta tano kwa lita. Namba ikiwa chini ya hapo, kunywa. Ikipita, shauri yako. Hata vikongwe wasiojua kusoma waliijua hiyo moja nukta tano, kwa sababu shemeji aliwaimbia mpaka wakachoka.

Zamani tulichota kwenye kisima kifupi kilichokuwa nyuma ya soko. Floridi yake haikuwa na neno, ila mvua ikinyesha kilipokea kila uchafu wa mtaa, na watoto wakaharisha. Shemeji ndiye aliyepigania kisima kirefu. Alikwenda ofisini, akarudi, akaenda tena, mpaka wakubwa wakawa wakimwona wanajifanya wana simu. Mashine ikaja, ikachimba mpaka tukadhani inatafuta mafuta. Maji yakatoka meupe, baridi, matamu. Siku ile nilimpenda shemeji yangu, nasema kweli, na mimi si mtu wa kupenda mashemeji.

Sasa sikiliza balaa lilipoingilia. Maabara ya zamani iliandika majibu kwa mikrogramu kwa lita. Mikrogramu elfu moja ndiyo miligramu moja, kwa hiyo shemeji aligawa kwa elfu. Kisima kifupi kilileta mia tisa, akagawa, akapaka sufuri nukta tisa. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, mkono ukazoea. Maji ya kisima kirefu yakapelekwa maabara mpya, nayo haikuandika mikrogramu. Iliandika 4.6, na mbele yake herufi tatu, ppm, maana yake sehemu kwa milioni. Shemeji akaona milioni, akaona kitu kidogo mno, na mkono ukafanya ulichozoea. Akagawa kwa elfu. Nilimwona juu ya ngazi akipaka sufuri, nukta, sufuri, sufuri, nne, sita, huku anapiga mluzi.

Kuna aliyemuuliza kwa nini namba imekuwa ndogo hivyo. Akajibu kwamba tumefika kwenye maji ya chini kabisa, hayajaguswa na mtu. Tukaona ni akili hiyo. Kumbe maji yanayokaa sana na mawe ndiyo yanayokunywa madini ya mawe. Kwa ushauri wake kisima kifupi kikajazwa kifusi, juu yake wakajenga choo cha soko. Kila mwaka maji yakapimwa, majibu yakaja karibu yaleyale, naye akagawa vilevile.

Mwaka mmoja baada ya kisima kirefu kuchimbwa, dada alijifungua kitinda mimba, msichana, baada ya kukata tamaa ya kupata mwingine. Mtoto yule alilelewa kama yai. Dada hakumpa tone la maji ambalo halijachemshwa, na si kuchemsha kwa haraka. Sufuria ilikaa jikoni mpaka maji yakapungua kabisa, ndipo akaridhika. Nilimtania kwamba anapika supu ya maji.

Meno ya utoto yalipoanza kung'oka, mtoto akawa anatuonyesha mapengo kwa fahari. Yakaota ya mbele, ya ukubwani. Yaliota ya kahawia, na vishimo kama yametobolewa kwa sindano. Dada akayasugua mpaka fizi zikatoa damu. Akamgombeza mtoto kwa sukari asiyokula. Mwishowe wakampeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole, naye hakuuliza habari za sukari. Aliuliza maji wanayokunywa yanatoka wapi. Kisha akasema yapimwe upya.

Shemeji alirudi nyumbani amevimba. Yeye, aambiwe yapimwe upya? Mimi nilikuwepo, nachambua mchele. Akatandaza karatasi zote za maabara mezani, akamkalisha dada, akasema atamfundisha hesabu hiyo ili siku nyingine mtu asimtishe. Akaanza vizuri tu, kwa ile sauti yake ya kuchosha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kilo ni gramu elfu moja. Kila gramu ni miligramu elfu moja. Kwa hiyo lita ya maji ni miligramu milioni moja.

"Sasa, sehemu moja katika hiyo milioni," akasema, "ni miligramu..."

Nikadhani amepaliwa.

"Ni miligramu moja," akamalizia, taratibu. "Sehemu moja kwa milioni ni miligramu moja kwa lita. Namba ni ileile. Hakukuwa na cha kugawa."

Dada akamuuliza ni ngapi basi. Akasema nne nukta sita. Dada hakuhitaji kuuliza kiwango. Aliimbiwa kiwango hicho tangu siku ya harusi. Aliuliza kitu kingine.

"Na kule kuchemsha kwangu?"

Shemeji angeweza kudanganya. Mungu wangu, natamani angedanganya. Akamwambia kwamba moto unaua vijidudu tu. Maji yanaondoka na mvuke, floridi inabaki sufuriani, kwa hiyo yakipungua yanazidi kuwa makali. Dada akainuka, akaitoa ile sufuria jikoni, akaiweka nje ya mlango, akarudi kukaa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikaloweka mchele wa watu.

Kesho yake shemeji alikwenda ofisini akajisema mwenyewe, hakusubiri kusemwa. Wakamsimamisha kazi. Kuhusu chujio la kuondoa floridi, tukaambiwa tusubiri, na hadi leo tunasubiri. Shemeji akapanda ngazi akafuta zile sufuri, akapaka nne nukta sita. Watu wakaja na ndoo zao, wakaitazama, wakachota. Wangekwenda wapi, na kisima kingine kiko chini ya choo? Jirani mmoja akamwambia bora angeziacha sufuri zake, walau walikuwa wanakunywa kwa raha. Shemeji akakubali kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya mvua. Siku hizi ukimuuliza saa anakwambia hajui, na saa iko mkononi.

Mtoto ndiye hakuambiwa kitu. Alijifunza mwenyewe kucheka na kiganja mdomoni, lakini hakuwa na huzuni, tukashangaa. Jioni moja tumekaa uani, akaenda kusimama mbele ya baba yake, akatoa kiganja, akalitikisa jino la mbele kwa kidole.

"Baba, mbona haya hayalegei? Nangoja yang'oke yaje meupe."

Dada akageuza uso ukutani. Shemeji akamvuta mwanawe, akamtazama mdomoni.

"Hayang'oki, mwanangu," akasema. "Haya ndiyo ya kudumu."

Mtoto akafunga mdomo. Akarudisha kiganja mahali pake.