Kijiko cha Kuonja

Mama yangu alipika katika shule ya bweni miaka mingi, mpaka watu wakasahau jina lake wakabaki kumwita Mama Mwiko. Mwiko wenyewe ulimzidi urefu mtoto wa darasa la kwanza. Sauti yake ndiyo ilikuwa kengele ya pili ya shule. "Pangeni foleni! Anayesukuma leo atakula mvuke!" Watoto walicheka, na foleni ikanyooka.

Uzee ulipomfikia nilimchukua kwangu. Mwanzoni alikuwa anakula vizuri tu. Kisha hamu ikakatika, kama taa inayoishiwa mafuta, polepole, huwezi hata kusema ilianza lini. Kanga aliyokuwa akijifunga mara moja ikawa inamzunguka mara mbili. Pete ikamtoka kidoleni akinawa. Tuliikuta kwenye beseni.

Kaka yangu ni fundi seremala, mwenye mwili na mwenye huruma, na kwake huruma ni sahani iliyojaa. Kila Jumapili alikuja na nyama, akamwekea Mama mlima.

"Kula, Mama. Huwezi kupona kwa kutazama."

Mama aliutazama mlima ule, akageuza uso ukutani. "Nimeshiba, baba. Wape watoto."

"Watoto gani? Mtoto wako wa mwisho huyu ana mvi!" Kaka alininyooshea kidole, tukacheka wote, lakini sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Tukampeleka zahanati. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa mwingine ila uzee na hamu iliyopotea. Nesi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alimwangalia kinywani, akauliza kama anapaliwa anapomeza. Hapana, hapaliwi, meno ndiyo yamebaki machache. Akampandisha kwenye mizani. Kisha akaniambia pembeni, kwa upole, "Dada, nitampima tena baada ya wiki mbili. Akizidi kupungua, itabidi alazwe, alishwe kwa mpira wa puani."

Mama alisikia. Masikio yake hayakuzeeka. Njiani alinishika mkono kwa nguvu nisizojua kama bado anazo. Nami nilimwomba Mungu kimoyomoyo: nisaidie huyu afie kitandani kwake siku yake ikifika, si kwa mpira.

Nesi alinielekeza vizuri. Tusimpe milo mitatu mikubwa, tumpe midogo mara sita. Asubuhi nusu kikombe cha uji mzito uliopikwa kwa maziwa, na kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga ndani yake. Baadaye kidogo, nusu ndizi mbivu iliyopondwa. Mchana, vijiko vitano vya viazi au boga lililopondwa na mafuta kidogo, pamoja na vijiko viwili vya samaki aliyetolewa miiba yote, au yai moja laini. Alasiri nusu kikombe cha maziwa ya mgando. Jioni kama mchana. Kabla ya kulala, nusu kikombe cha maziwa ya vuguvugu. Maji asinywe mengi kabla ya kula, yatamjaza tumbo bure, anywe baada. Akae wima, na asilale mpaka nusu saa ipite. "Na umpe kwenye kibakuli," akasema, "sahani kubwa inamtisha."

Kaka alipokiona kibakuli alishika kichwa. "Hiki ni chakula cha kifaranga! Mama aliyelisha shule nzima unampa hiki?"

"Kaka, kifaranga anayekula anakua. Mlima wako anautazama tu."

Lakini mbele ya Mama sikuwa na jeuri hiyo. Nilimpelekea kibakuli chumbani, nikamkalisha na mto mgongoni, nikakaa naye. Vijiko viwili, akafunga mdomo. "Nimeshiba, mwanangu." Nilijaribu tena baada ya saa mbili. Kijiko kimoja. Nilibembeleza, nikaimba, nikanyamaza. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na mimi nikawa ninakula masazo yake huku machozi yananidondoka. Nilimkumbuka mama yangu, naye yupo hapo hapo mbele yangu.

Siku moja joto lilizidi chumbani. Mama akasema anataka hewa, nikamtoa, nikamweka kwenye kigoda mlangoni pa jikoni. Nilikuwa naponda boga na maziwa. Mikono imejaa, akili iko mbali, nikachota kijiko, nikapuliza kikapoa, nikamnyooshea bila kufikiri.

"Mama, hebu onja. Chumvi imekolea?"

Akakinga kiganja. Hakufungua mdomo, alikinga kiganja, vile alivyokuwa akifanya mbele ya sufuria zake. Nikamdondoshea, akalamba, akafumba macho.

"Maziwa bado."

Nikaongeza tone. "Na sasa?"

"Lete." Akalamba. "Chumvi chembe moja. Usimimine, wewe mkono wako mwepesi!"

Nikaongeza, nikamnyooshea. Kijiko cha tatu. Cha nne. Cha tano alikishika mwenyewe. Nikageuka kwenye jiko asione uso wangu.

Ndipo nikakumbuka. Nikiwa mdogo nilikuwa nashinda kwenye jiko lile la shule, na sikuwahi, hata siku moja, kumwona mama yangu ameketi na sahani. Watoto wakishakula, walimu wakishakula, wafagiaji wakishakula, yeye alikuwa anasema, "Mimi nimeshashiba kwa kuonja." Kumbe kweli. Miaka yote ile alikula kiganjani, amesimama, kazi ikiendelea. Na mimi nilikuwa nimemfungia chumbani, nimemwekea chakula mapajani kama mgeni.

Tangu siku hiyo kigoda chake hakikutoka jikoni. Vipimo vilibaki vile vile vya nesi, sikuzidisha. Uji nilimwonjesha mpaka nusu kikombe kiishe. Samaki nilimwambia, "Mama, tafuta kama nimesahau mwiba," akatafuta kwa ulimi, vijiko viwili, kwa makini kama fundi. Siku nyingine aligoma, sikumlazimisha. Ila sauti ilirudi. "Moto mkubwa huo! Unapika au unachoma?" Lo, nilivyofurahi kufokewa!

Wiki mbili zilipotimia Kaka alikuja nasi zahanati, akasimama nyuma ya mizani kama anayesubiri hukumu. Nesi akasogeza kirungu cha mizani, akatazama, akatazama tena. "Ameongezeka. Kidogo, lakini ameongezeka. Mrudisheni nyumbani."

Kaka akapiga makofi. "Kifaranga!"

"Kifaranga mama yako mzazi," Mama akamjibu, na hata nesi akacheka.

Jioni hiyo nilimnyooshea kijiko. "Onja, Mama. Chumvi vipi?"

Akalamba kiganja, akanitazama. "Chumvi iko sawa, mwanangu. Iko sawa tangu siku ile ya boga. Ulidhani sijui?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unasema bado?"

"Ungeacha kuniita jikoni."

Mungu alinipa naye misimu miwili ya mvua baada ya hapo. Alilala siku moja mchana kitandani kwake asiamke tena, hajalazwa popote, na harufu ya maziwa kiganjani.

Kigoda nimekiacha palepale. Nikiponda boga, mkono wangu hunyooka wenyewe kuelekea mlangoni na kijiko cha kwanza, halafu naurudisha. Jumapili Kaka anakuja, anakula, anakunja uso.

"Dada, chumvi bado."

"Najua," namwambia. "Nasubiri kuambiwa ni chembe ngapi."