Barua Nzuri ya Mama wa Ruiru

Nilizaliwa Lamu, na kwetu barua ilikuwa kama kanzu ya Idi: huitoi mpaka imepigwa pasi. Salamu kwanza, kisha salamu za waliokuzunguka, kisha dua, na jambo lenyewe likipata nafasi huko chini. Ndivyo nilivyofunzwa na marehemu babu, na ndivyo nilivyoandika miaka yote niliyokuwa karani wa wakili mmoja wa Kihindi mjini Thika, katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari.

Wakili aliongea Kigujarati nyumbani, Kiingereza mahakamani, na Kiswahili cha dukani na wateja. Wateja wenyewe wengi walikuwa Wakikuyu na Wakamba. Mimi ndiye niliyekaa katikati na mashine ya chapa. Wakili alinipa barua ya Kiingereza, mimi naitia Kiswahili, na kwa kuwa Kiswahili kilikuwa changu, sikuona kwa nini nisikivishe vizuri. Wakati mwingine nilijisomea barua kwa sauti kabla ya kuitia bahasha. Nasema haya nikiwa mzee, na bado najionea haya.

Chini ya kila barua tulichapa mstari mmoja wenye nukta za kukatia: "Nimesoma na nimefahamu." Mteja aliukata, akatia sahihi au kidole gumba, akaurudisha. Mimi niliubandika kwenye faili, na kwangu jambo lilikuwa limekwisha. Faili zetu zilijaa vidole gumba. Hakuna aliyekataa hata mara moja, na sikujiuliza ni kwa nini.

Mama mmoja wa Ruiru alikuja kwetu kwa ajili ya mumewe. Mume alikuwa kibarua katika shamba la kahawa la mzungu. Magunia ya kahawa yalipotea stoo adhuhuri moja, naye akashikwa kwa sababu mtu alisema amemwona karibu na mlango. Adhuhuri hiyo, alisema mama, mumewe alikuwa mbali kabisa, akizibua mfereji wa maji pamoja na mzee mmoja wa shamba hilohilo. Mzee huyo alikuwa amehamishiwa kijiji kingine, vile vijiji vya Hali ya Hatari vilivyozungushiwa handaki, ambako mtu hakusafiri bila pasi ya chifu. Wakili alifurahi. Shahidi mmoja wa namna hiyo alitosha. Siku ya kwanza ya kesi iliahirishwa, ikapangwa nyingine, na nikaambiwa nimwandikie mama aje na mzee.

Nakala ya barua hiyo ninayo mpaka leo. Baada ya salamu, ambazo ni mistari sita, inasema hivi: "Tunakuarifu ya kwamba shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na saba, na kwamba litakuwa ni jambo la maslahi kwa mshitakiwa iwapo shahidi aliyetajwa katika mazungumzo yetu yaliyotangulia atahudhurishwa, baada ya kupatikana ruhusa zinazohitajika kwa wenye mamlaka." Sentensi moja. Niliipenda sana.

Barua ilikwenda kwa sanduku la posta la shule, na mwalimu akamsomea. Kipande cha chini kilirudi baada ya siku nne, kidole gumba kimekolea wino vizuri. Nikakibandika.

Tarehe kumi na saba mama alifika mahakamani mapema kuliko sisi. Alikuwa amebeba kikapu chenye viazi vitamu vya mumewe. Alikuwa peke yake. Wakili alimtazama, akanitazama mimi, akatazama njia. Aliomba kesi iahirishwe tena na hakimu akakataa, akisema upande wa utetezi umepewa nafasi ya kutosha. Kufikia saa sita mume alikuwa amefungwa miaka miwili. Viazi vilibaki kikapuni.

Nje, kwenye manyunyu ya Julai, wakili alimweleza mama habari za rufaa na mama akakubali. Alipomaliza akaingia ndani, tukabaki wawili. Nilikuwa na hasira naye, na sitaficha hilo. Nilimuuliza kwa nini hakumleta mzee, na barua nilimwandikia.

Alitoa barua kifuani. Ilikuwa imekunjwa kwa kitambaa, safi kama nilivyoituma.

"Hii?" alisema. "Hii ni barua mzuri, karani. Wewe ulinisalimia mzuri sana. Mwalimu alisema ni maneno ya watu wakubwa."

"Na baada ya salamu, mama? Ilisema nini?"

"Ilisema tarehe. Mimi nimekuja."

"Na mzee?"

Alifikiri, kwa heshima, kama mtu anayetafuta kitu ambacho mgeni amesema amekiacha nyumbani kwake. "Mzee hakuwa ndani," alisema. "Mwalimu alisoma yote. Mzee hakuwa ndani."

Nikamuuliza, basi kidole kile aliweka cha nini, na maandishi yalisema amefahamu. Hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mjinga.

"Karani, karatasi ikija inataka kidole, tunaweka. Ya chifu tunaweka. Ya homugadi na bunduki yake tunaweka. Ya kipande cha kazi tunaweka. Ukiuliza ni ya nini, unaambiwa wewe ni mtu mbaya. Yako ilitaka kidole. Nikaweka."

Nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Ruiru, nikarudi ofisini nikazitazama faili zile, kidole juu ya kidole, na uchovu ukaniingia ambao haukuwa wa siku ile peke yake. Nilichokuwa nimekusanya miaka yote si kufahamu kwa watu. Ulikuwa ni woga wao.

Rufaa ilikatwa ndani ya siku kumi na nne, lakini wakili hakuwa na tumaini. Majaji wa Nairobi, alisema, watauliza swali moja: kama shahidi alikuwapo, mbona hakuitwa mapema? Na jibu la kawaida ni kwamba mteja aliambiwa na hakujali, tena kidole chake hiki hapa. Nilimwambia jibu hilo si la kweli. Aliambiwa na mimi, na nilimwambia kwa namna ambayo hangeweza kusikia.

"Unataka kusimama uwaambie majaji kwamba ofisi yangu haijui kuandika barua?"

"Ofisi yako inajua, bwana wakili. Karani wako ndiye hajui."

Siku ya tatu akanitupia karatasi tupu, akaniambia niandike hati ya kiapo, na nisiipambe. Niliandika mistari minane. Niliandika kwamba barua ilikuwa yangu, kwamba haikumtaja mzee kwa namna ambayo mtu asiyezaliwa na Kiswahili angemtambua, wala haikusema wazi alete nani wala aombe ruhusa kwa nani. Nikaapa kwa Msahafu mbele ya wakili mwingine wa mjini, maana wakili wa kesi haruhusiwi kuapisha watu wake. Hakuna barua iliyonichosha kama hiyo, na hakuna iliyosomeka vizuri kuliko hiyo.

Miezi ilipita kabla ya jibu. Majaji waliagiza mzee asikizwe na hakimu wa Thika, na maneno yake yapelekwe Nairobi. Ilikuwa zamu yangu tena kumwandikia mama.

Safari hii niliandika, nikafuta, nikaandika. Kisha nikatoka nje na kumsomea mama muuza ndizi wa mlangoni petu, Mkikuyu, nikamuuliza: ukipata barua hii, utafanya nini? Alicheka kwanza. "Wewe karani, leo salamu ni moja tu? Mmegombana?" Lakini alinijibu, na pale alipokwama nilikwenda kufuta. Mwishowe ilibaki hivi:

"Mama, salamu. Mzee aliyezibua mfereji na mume wako atasikizwa mahakamani Thika, Alhamisi tarehe tisa, saa tatu asubuhi. Uje naye. Bila mzee, mume wako atabaki ndani. Jumatatu kabla ya hapo, nenda kwa chifu ukaombe pasi ya safari. Usiweke kidole kwenye barua hii. Mwambie mwalimu aniandikie maneno yako mwenyewe, hata kwa Kikuyu: utakwenda wapi, siku gani, na nani."

Niliona sasa nimeweza. Jibu likaja kwa mwandiko wa mwalimu: "Jumatatu nitaenda kwa chifu kuomba pasi yangu. Alhamisi asubuhi nitapitia kwa mzee, tuje Thika pamoja."

Nilisoma mara mbili. Pasi yake. Mzee angepakiwa kwenye basi bila pasi, angeshushwa kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi, na Alhamisi tungemsubiri mahakamani naye yuko selo. Barua yangu niliyoiona wazi haikusema pasi ni ngapi. Kidole gumba kisingeniambia hilo kamwe.

Nikaandika tena siku hiyohiyo: "Pasi ziwe mbili, yako na ya mzee. Nani atamwombea mzee, na kwa chifu yupi? Nijibu." Nikampa kondakta wa basi la Ruiru ampelekee mwalimu, maana posta ingechelewa. Jibu lilirudi kwa basi hilohilo kesho yake: "Pasi mbili. Chifu wa mzee ni mwingine. Jumapili nitamwambia mzee kanisani. Jumatatu yeye kwa chifu wake, mimi kwa wangu. Jumatano mwalimu ataangalia pasi zote mbili." Hiyo ya mwisho sikuiandika mimi. Waliiongeza wenyewe.

Alhamisi walishuka kwenye basi wote wawili, mzee amevaa koti la kuazima. Alisema habari za mfereji, saa waliyoanza na saa waliyomaliza, na hakimu akaziandika. Wiki kadhaa baadaye Nairobi ilifuta hukumu.

Mume alikuja ofisini na mkewe kushukuru. Alikuwa mwembamba, na alisimama mpaka alipoambiwa akae. Alimshukuru wakili. Kisha akanigeukia, akatoa ile barua ya kwanza katika kitambaa chake.

"Karani, mke wangu anasema hii ndiyo ilikuja ikakosa mzee. Nisomee."

Nilimsomea. Mistari yote sita ya salamu, maslahi, mazungumzo yaliyotangulia, wenye mamlaka. Sikuruka neno. Mama alikuwa akitazama dirishani. Nilipofika mwisho mume alitikisa kichwa taratibu, na hakukuwa na kejeli usoni mwake, ndiyo maana sijasahau.

"Ni barua mzuri kweli," alisema, akaikunja na kuiweka juu ya meza yangu. "Miezi saba ndani."

Kisha wakaondoka wawahi basi.