Kisugu, na Mapumziko ya Saa Saba

Kaltumi alitunza ghala la vipuri kwa miaka kumi na mmoja, na haikupotea hata boliti moja mikononi mwake. Kampuni ilipofungwa alikwenda kwa Otim, mwenye kibanda cha kupiga chapa pale Kisugu, amwandikie barua pepe kwa wakala wa ajira.

"Wakala hana muda, nnyabo," Otim alisema. "Kazi gani, wapi, uzoefu gani. Mengine yamo kwenye wasifu tutakaoambatisha."

Kazi: mtunza ghala. Uzoefu: kupokea mizigo, kulinganisha na hati, kuhesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi. Otim aliandika bila kuinua kichwa.

"Wapi?"

"Kisugu. Na saa saba mchana nipewe saa nzima ya kwenda nyumbani."

Vidole vya Otim vikasimama. "Sema Kampala nzima. Ukijifunga hapa watakuweka chini kabisa ya orodha. Na mapumziko hayaombwi barua ya kwanza. Hujaposwa, unadai mahari?"

Kaltumi alicheka, ila hakubadili neno. Mama yake, Zuleika, alikuwa amepooza upande mmoja. Asubuhi jirani alimwangalia, lakini saa saba ilikuwa lazima ageuzwe na kunyweshwa uji, na Zuleika hakumeza kitu kutoka mkono mwingine wowote.

Siku ya nne Loice wa ofisi ya wakala akapiga simu. Hospitali moja Gulu ilitaka mtunza ghala, na nyumba ilikuwepo.

"Unaweza kuhama, dada?"

"Siwezi."

"Basi nahifadhi barua yako. Ila nafasi za Kisugu ni za kuokoteza."

Kaltumi akangoja. Wiki ya sita, alfajiri ya Ijumaa, Zuleika alifariki. Alizikwa siku hiyohiyo.

Baada ya arobaini Kaltumi alirudi kibandani.

"Pale kwenye mahali," alimwambia Otim, "andika popote. Hata Gulu."

"Tujibu kwenye barua ileile, waone ulichosema mwanzo." Otim akafungua, akakuta ujumbe wa Loice wa siku tatu nyuma. Aliusoma kwa sauti, uso umemchangamka. Zahanati iliyo hapohapo Kisugu inatafuta mtunza stoo ya dawa. *Nilikukumbuka kwa sababu ulitaja mtaa. Nimekuombea saa yako ya mchana, wamekubali.*

Alipofika neno la mwisho akakumbuka saa hiyo ilikuwa ya nani. Alikuwa amebeba jeneza la Zuleika pamoja na wengine.

Kaltumi aliuchukua wasifu wake mezani.

"Jibu kwamba nitakuja kwenye usaili. Waambie na asante."

Otim akaandika. "Na saa saba?"

"Waifute."

"Watauliza kwa nini. Niweke sababu?"

"Hapana," Kaltumi alisema, akikunja wasifu wake mara mbili. "Andika tu kwamba nitakula hukohuko kazini."