Kistari cha Nyuma ya Tarakimu

Mwaka 1988 Taherali alinunua kompyuta kwa ajili ya ofisi yake ya malori mjini Shinyanga, akampeleka karani wake kijana, Euphrasia, Dar es Salaam wiki tatu kujifunza kuitumia. Epifania, aliyemshikia vitabu vya hesabu miaka kumi na mmoja, hakuulizwa hata kama angependa kwenda.

Euphrasia alirudi na viatu vipya. Meza iliyokuwa karibu na feni ikawa ya kompyuta, na ya Epifania ikasogezwa mlangoni, kwenye vumbi la malori yanayotoka Isaka. Binti huyo aliendelea kumwamkia kwa adabu, "Shikamoo, Mama Donatus," naye aliitikia marahaba huku moyo ukimchoma. Kila Taherali alipowapitisha wageni kuitazama ile mashine, Epifania aliinamia daftari lake akajifanya anajumlisha.

Mwezi huo Taherali alitaka mkopo wa matairi. Meneja wa benki alimwambia alete hesabu ya miezi mitatu, ipangwe vizuri na ilingane na salio la benki. Taarifa ya benki ilikuwa na safu mbili za fedha, debiti na krediti. Euphrasia akaamua kuziunganisha ziwe safu moja: kilichoingia kiandikwe kilivyo, kilichotoka kitanguliwe na alama ya kutoa. Mashine ikijumlisha safu hiyo, ikaongeza salio la mwanzo, ni lazima ipate salio la mwisho.

"Mama Donatus, nisomee mimi niandike," aliomba. "Ukisema debiti naweka kutoa. Si debiti ya benki ni pesa iliyotutoka?"

"Ndiyo. Kwenye kitabu chetu ni kinyume, lakini kwa benki ndivyo ilivyo."

Wakaanza. Kwenye ukurasa wa pili Epifania akakuta hundi ya vipuri, shilingi 42,350, imekatwa mara mbili. Chini yake benki ilikuwa imesahihisha kosa lake: kiasi kile kile, katika safu ile ile ya debiti, ila nyuma ya tarakimu palikuwa na kistari kidogo. Maana yake pesa imerudishwa. Alikiona vizuri. Akamtazama Euphrasia anavyosubiri, vidole vikiwa juu ya vitufe na upepo wa feni ukimpuliza shingoni.

"Debiti," akasoma. "Arobaini na mbili elfu, mia tatu hamsini."

Euphrasia akaweka alama ya kutoa.

Walipomaliza, benki ilisema salio ni 1,874,250. Mashine ilisema 1,789,550. Euphrasia akajumlisha upya, ikaja hiyo hiyo. Taherali akasimama nyuma ya kiti chake, saa mkononi.

"Elfu themanini na nne na mia saba zimekwenda wapi? Meneja ananisubiri saa nane. Zamani kwa kalamu hatukukosea hivi! Kama hujui kazi, nitaifunika mashine hii niiuze."

Epifania alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu meza yake ihamishwe. Akayafurahia. Furaha yenyewe haikudumu baada ya Taherali kutoka na kufunga mlango, kwa sababu Euphrasia hakulia wala hakulaumu mtu. Alivuta kiti mpaka mlangoni, kwenye vumbi.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma cha nyumbani kwao, "ingekuwa wewe, ungeanzia wapi kutafuta?"

Hakuna aliyemwomba Epifania ushauri wa kazi tangu mashine ije. Jibu lilimtoka kabla hajaamua kulitoa.

"Gawa tofauti kwa mbili. Kiasi kikiwekwa alama isiyo yake, kinakosesha hesabu mara mbili yake."

Euphrasia akagawa. Akapitisha kidole kwenye karatasi mpaka 42,350 ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kikasimama penye kistari.

"Hukukiona?"

Epifania angeweza kusingizia macho; alikuwa na umri wa kutosha.

"Nilikiona."

Euphrasia alirudi kwenye mashine, akaifuta ile alama ya kutoa. Jumla ikapanda kwa 84,700, salio likalingana. Taherali alipoingia, Epifania alikwisha kujiandaa kufukuzwa, tayari ameushika mkoba wake.

"Mama Donatus ndiye aliyelipata kosa," alisema Euphrasia bila kugeuka.

Taherali akamsifu Epifania mbele ya madereva, mkopo ukatoka, na Jumatatu meza yake ikarudishwa karibu na feni. Hapo sasa aliweza kuona kila kitu: Euphrasia amejitengenezea safu mbili kwenye mashine, anaziandika kama benki ilivyoziandika, vistari vyake vikiwemo, na safu ya tatu inatoa yenyewe debiti kwenye krediti. Alikuwa anajisomea mwenyewe, midomo ikichezacheza, karatasi ameiegemeza kwenye chupa ya wino.

"Nikusomee?" Epifania aliuliza.

"Asante, mama. Nimezoea."

Bado alimwamkia kila asubuhi. Na Epifania, akitazama vidole vile vinavyokwenda haraka, bado alimwonea wivu.