Hewa Iliyochoka Kusukuma

Niliporudi Kibwezi kutoka nchi za Ghuba nilikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa navyo: diploma ya uzimamoto na pampu ya petroli inayobebeka, nyekundu, inayong'aa kama gari la harusi. Diploma niliitundika sebuleni. Pampu haitundikiki, kwa hiyo niliipeleka kanisani.

Mchungaji alinipa nafasi ya kusalimia waumini baada ya ibada. Nikawaeleza kwamba kule nilikofanya kazi, kila barabara ina bomba la zimamoto, unachomeka mpira tu. Huku hatuna, lakini tuna mto, na mimi nimerudi. Kisha nikawapa sayansi. "Watu hudhani pampu huvuta maji," nilisema. "Haivuti! Pampu huondoa hewa iliyo ndani ya paipu, halafu hewa ya nje inakandamiza mto na kusukuma maji juu." Walipiga makofi. Nilirudia sentensi hiyo kwa Kikamba ili wazee wasikose.

Siku chache baadaye banda la nyasi la jirani yangu lilishika moto mchana. Mama huyo, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama yetu, alikuwa amejaza marobota ya nyasi ya kulisha ng'ombe wake mpaka mvua zije. Zizi lilikuwa limepakana na banda. Ng'ombe walikuwa wamefunguliwa na kukimbizwa, lakini ng'ombe asiye na nyasi wakati wa kiangazi ameokolewa kwa ajili ya mchinjaji tu. Gari la zimamoto la kaunti lilikuwa mbali. Waliniita mimi.

Nilifika na pikapu yangu, nikaegesha juu kabisa ya ukingo wa mto. Palikuwa pazuri: pakavu, pana, na kila mtu angeniona. Kulikuwa na njia ya punda ya kushuka majini, lakini ilikuwa na matope, na pampu ilikuwa haijapata hata mkwaruzo.

Niliunga paipu mbili ngumu za kuvutia maji, nikashusha ncha yenye chujio mtoni, nikajaza maji kwenye tumbo la pampu, nikavuta kamba. Injini ilinguruma vizuri sana. Mpira wa kutolea maji ulilala chini bapa, kama nyoka aliyekanyagwa na lori.

"Kiungo kinaingiza hewa," nilitangaza kwa sauti ya mtaalamu. Nikakikaza, nikakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nikajaza maji tena. Ngurumo. Hakuna tone. Nyuma yangu watu walikuwa wakipokezana ndoo kutoka mtoni, na ndoo zao, niseme ukweli, zilikuwa na maji.

"Injinia," Mwaitu aliniita, uso umejaa majivu. "Jumapili si ulisema pampu haivuti, ni hewa inasukuma?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Basi hiyo hewa yako imechoka? Ama haikuja na wewe leo?"

Mtu mmoja akadakia kutoka kwenye mstari wa ndoo: "Imebaki Ghuba, haina viza!"

Walicheka huku wanapitisha ndoo. Mimi nilitazama chini mtoni, kisha nikatazama pampu, na mahubiri yangu mwenyewe yakanirudia. Hewa ina nguvu zake na zina mwisho. Huinua maji mita saba hivi ukiwa na bahati, na pampu yangu ilikaa juu kuliko paa la kanisa. Ningeweza kukaza kiungo mpaka Krismasi.

"Tushuke!" nilipiga kelele. "Ibebeni, tushuke!"

"Na matope?" aliuliza yule wa viza.

Tuliishusha kwa njia ya punda, mimi nikitangulia kwa makalio bila kukusudia. Karibu na maji niliona mchanga umejaa chini, nikamwomba Mwaitu kiondo chake, kile kikapu cha kusukwa. Tulitia chujio ndani, tukalifunga kwa kamba lielee katikati, lisiguse mchanga wala kuchomoza juu na kunyonya hewa. Nikavuta kamba. Pampu ilikohoa, ikameza, na mpira ukafura kwenda juu ya ukingo. Kuvuta kuna mpaka. Lakini katika kusukuma, pampu hiyo ni hodari.

Nyasi ziliungua karibu nusu. Zizi lilibaki, na marobota ya upande wa nyuma yalitoka yakiwa yameloa. Tuliyaanika juani kwa zamu, na yaliwafikisha ng'ombe kwenye mvua wakiwa wamekonda, lakini wote wamesimama.

Mchungaji amenialika tena kuzungumza. Nilipopita kwa Mwaitu kumrudishia kiondo, nilimwambia nimeandaa somo refu zaidi. Alikung'uta mchanga, akakitazama kilivyolegea.

"Tutakuja," alisema. "Lakini wewe usipande mimbari. Simama chini, maji yakufikie."